Isome kwa Mdomo Kabla Hujaiposti

(Nilizungumza haya mbele ya chumba kidogo cha watu ambao kazi yao, au mapenzi yao, ni kuandika kapsheni za picha. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, na mzaha mmoja miwili nimeutoa.)

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyie mliokaa mbele, maana nitawasumbua baadaye.

Nianze na aibu yangu. Niliwahi kumwandikia mteja mmoja kapsheni ya picha yake. Niliisoma kwa macho mara nne, nikaona imenyooka, nikamtumia. Siku ya pili tukawa kwenye kikao, yeye akatoa simu kwa furaha, akasema, “Ngoja niwasomee alichoniandikia.” Akaanza. Neno la sita akapunguza mwendo. Neno la tisa akakwama, akarudi nyuma, akalirudia. Akafika mwisho pumzi imemwishia, akacheka kidogo, akasema, “Kwa kifupi, ni nzuri.” Kila mtu pale alijua si nzuri. Mimi nilikuwa naitazama meza.

Makosa ya tahajia hayakuwemo, na sarufi ilikuwa sawasawa. Nilichokuwa sijafanya ni kuipitisha mdomoni. Jicho la mwandishi linajua tayari kinachokuja, kwa hiyo linaruka. Mdomo hauwezi kuruka. Ulimi lazima upite kwenye kila silabi, moja baada ya nyingine, na palipo na bonde unatumbukia.

Leo nataka tuchukue kapsheni moja tu tuitengeneze hapa hapa. Ni yangu mwenyewe, kwa hiyo msione haya kuisema vibaya. Picha ni ya kiti cha mbao, kimewekwa dirishani, mwanga unaingia kutoka upande. Nilikitengeneza kwa mikono yangu, nikajisikia fundi, nikaandika hivi:

“Hiki ndicho kiti cha zamani kilichokuwa kimevunjika ambacho nimekifanyia ukarabati kwa ajili ya matumizi ya watoto wa familia yetu ambao wamekuwa wakikitamani kwa muda mrefu. Umekipenda”

Isomeni kimya kwanza. Mmeelewa? Mmeelewa. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukielewa unadhani kazi imekwisha.

Sasa tuisome kwa sauti, na hapa nina masharti yangu. Soma kwa sauti ya kumsomea mtu aliye chumba cha pili. Ukinong'ona, ulimi unateleza juu ya maneno bila kuyagusa, na hutasikia kitu. Soma bila madaha. Kuna watu wamejaliwa sauti, wanaweza kusoma orodha ya vipuri ukatokwa machozi; hao ndio wanaojidanganya zaidi, kwa sababu sauti yao inaibeba sentensi iliyolala. Soma kama mtu aliyechoka anayesoma kitu cha mtu mwingine. Na usirekebishe unaposoma. Ukikwama, weka alama, endelea mpaka mwisho. Ukisimama kurekebisha unapoteza mwendo, na mwendo ndio unaoupima.

Kingine: washa kinasa sauti cha simu. Najua hakuna anayependa kusikia sauti yake. Vumilia. Sababu nitaieleza.

Nilipoisoma ile kapsheni ya kiti na kujirekodi, nilikwama mara tatu. Tuzipitie polepole, maana kila mkwamo una ugonjwa wake.

Wa kwanza ni pale mwanzoni kabisa: “Hiki ndicho kiti cha zamani kilichokuwa kimevunjika ambacho nimekifanyia…” Mnasikia? Ki, cho, ki, cha, ki, cho, ki, cho, ki. Kama mtu anayetembea na funguo mfukoni. Nimezihesabu: katika sentensi ile nzima “ki” imelia mara saba, “cho” mara tatu, na “cha” moja juu yake.

Haya hatuwezi kumlaumu mtu. Ndivyo Kiswahili kilivyo. Jina likishaingia, linavuta kila kitu kifanane nalo: kivumishi, kitenzi, kirejeshi, mpaka kile kiambishi cha mtendwa kinachojificha katikati ya kitenzi. Mara nyingi huo ndio utamu wenyewe wa lugha yetu. Mtoto anajifunza “kikombe kikubwa kimevunjika” kwa sababu kinaimba. Lakini wimbo ukirudia noti ileile mara saba kabla ya mtu kuvuta pumzi, unakuwa kelele. Na jicho halisikii kelele. Macho yangu yalipita kwenye zile “ki” saba bila hata moja kunigusa; sikio lilizikamata ndani ya sekunde tatu.

Jina la ngeli ya ki-vi ndilo linalogonga zaidi, kwa sababu “k” ni sauti ngumu, inapasuka nyuma ya ulimi. Ngeli nyingine zinateleza vizuri zaidi. “Nyumba ya zamani iliyokuwa imebomoka” ni sentensi ya aina ileile, lakini “i” na “ya” hazigongi, zinapita. Kwa hiyo unapoandika kuhusu kitu, kitabu, kikapu, kisima, chombo, ujue umeingia eneo la hatari, tega sikio zaidi.

Mkwamo wa pili. Sikilizeni nilivyosema kwenye rekodi. Niliandika “nimekifanyia ukarabati.” Nikasikiliza rekodi, na mimi mwenyewe nasema, bila kujijua, “nimekitengeneza.” Mdomo ulihariri bila kuniomba ruhusa!

Ndiyo maana nikawaambia mrekodi. Ukisoma tu, hutagundua kwamba umebadilisha neno, kwa sababu unasikia ulichokusudia kusema. Ukisikiliza rekodi huku kidole kinafuata maandishi, pale mdomo na maandishi vinapoachana utapaona. Na kwa uzoefu wangu, vikiachana, mara nyingi mdomo ndio wenye haki. Nani nyumbani anasema “nimekifanyia ukarabati”? Hilo ni neno la ripoti. Tunapoandika, tunavaa suti. Kufanya kunakuwa “kufanyia utekelezaji”, kusaidia kunakuwa “kutoa msaada”, kutumia kunakuwa “kwa ajili ya matumizi ya”. Mdomo hauna suti. Ukiachwa, unarudi kwenye kitenzi kimoja kilicho hai.

Nimesema mara nyingi. Sikusema kila mara, na mkwamo wa tatu ndio ushahidi.

“Wamekuwa wakikitamani.” Kwenye rekodi nilisema “wamekuwa wakitamani.” Nimemeza “ki” moja. Ziko mbili pale, zimekaa bega kwa bega, na kila moja ina kazi yake: ya kwanza inaonyesha kwamba jambo lilikuwa linaendelea, ya pili ndiyo kile kiti chenyewe. Ulimi haukujali kazi zao. Uliona pacha wawili ukamwacha mmoja. Sasa nikiufuata mdomo, nakipoteza kiti; watoto wanabaki wanatamani tu, hatujui nini. Hapa mdomo umekosea neno lakini umesema kweli kuhusu sentensi. Umeniambia: hapa hapapitiki, tafuta njia nyingine. Kwa hiyo mdomo ukibadilisha kitu, usinakili haraka ulichosema. Jiuliza kwanza kwa nini umekataa ulichoandika.

Sasa pumzi. Ile sentensi ina maneno 25. Ukimwambia mtu maneno 25 atasema si nyingi, na kwa lugha zenye maneno mafupi pengine si nyingi. Lakini neno letu moja linaweza kubeba sentensi. Hesabuni silabi: ziko 73, na hakuna mkato hata mmoja. Mimi pumzi iliniishia kwenye “familia”, na nilipovuta nyingine nikawa nimeikata sentensi mahali ambapo haitaki kukatwa. Hivyo usihesabu maneno, hesabu silabi. Au usihesabu chochote, soma tu uone kifua kinaomba wapi. Kikiomba hewa katikati ya wazo, sentensi ndiyo yenye tatizo, kifua hakina kosa.

Kuna jambo la mdundo ambalo napenda kukaa nalo kidogo. Mkazo wetu, karibu kila neno, unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Semeni “kiti”: KI-ti. Neno fupi, pigo linakuja mara moja. Sasa semeni “wakikitamani”: wa-ki-ki-ta-MA-ni. Kuna silabi nne nyepesi za kukimbia kabla hujafika kwenye pigo. Neno refu ni mbio, neno fupi ni hatua. Sentensi yenye maneno marefu mfululizo inamfanya msomaji akimbie, apige, akimbie tena, apige, na maneno yakiwa na urefu uleule, kama “kilichokuwa kimevunjika”, silabi tano kwa tano, inakuwa kama mashine ya kushona. Ukichanganya marefu na mafupi, msomaji anapata mahali pa kuweka mguu. Na ukimaliza sentensi kwa neno fupi, lenye silabi mbili, pigo linakuja karibu na nukta na sentensi inatua. Jaribuni wenyewe: “Watoto wamefurahi sana.” Halafu: “Watoto wamefurahishwa.” Ya kwanza imekaa chini. Ya pili inaning'inia.

Haya, tufanye marekebisho. Jaribio langu la kwanza lilikuwa hili:

“Kiti hiki kilivunjika. Nimekitengeneza. Watoto wamekisubiri sana.”

Someni kwa sauti. Pumzi inatosha, sivyo? Lakini kuna mtu hapo nyuma anacheka. Nini? Ndiyo kabisa, ni simu ya maandishi, ya zamani zile za kulipia kila neno. Watu wengi wakiambiwa sentensi zao ni ndefu wanakimbilia shoka, wanakata kila kitu kwa urefu mmoja, halafu wanashangaa kapsheni imekuwa baridi. Na bado “ki” zinalia: kiti, hiki, kilivunjika, nimekitengeneza, wamekisubiri. Nimefupisha tu, ugonjwa umebaki.

Dawa ya “ki” haipo kwenye kukata. Ipo kwenye kubadilisha jina linaloongoza. Nilirudi kuitazama picha nikajiuliza, kilichovunjika ni kiti kizima? Hapana. Ni mguu. Nikisema mguu, ngeli imebadilika, na zile “ki” zote zinaondoka bila ugomvi. Tena kiti chenyewe kinaonekana, kiko hapo juu kwenye picha, kina sababu gani ya kutajwa? Nikaandika:

“Mguu wa nyuma ulivunjika. Watoto wakakizunguka mwaka mzima, hakuna aliyethubutu kukaa. Jana nilishika gundi na msumeno. Leo wanagombania nani aanze.”

“Ki” imebaki moja, kwenye “wakakizunguka”, na hiyo inatosha kumwambia msomaji tunazungumzia kile anachokiona. Sentensi ya kwanza ina silabi 11. Ya pili 26, lakini ina mkato baada ya ya 14, kifua kinapata nafasi. Utagundua pia kwamba “zamani”, “muda mrefu” na “kutamani” vyote vimeingia ndani ya “wakakizunguka mwaka mzima”. Sikuvitafuta, vilikuja nilipoacha kueleza nikaanza kusimulia, na nilianza kusimulia kwa sababu mdomo ulikataa kueleza.

Angalieni pia mstari wa kwanza. Instagram inaruhusu kapsheni ya herufi 2,200, lakini mtu anayepitisha kidole anaona mistari michache tu ya mwanzo. Mingine imefichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo mimi huwa nasoma mara moja zaidi kwa namna ya pekee: nasoma mpaka pale skrini inapokata, nanyamaza. Nakaa kimya sekunde mbili. Je, nilichosema kinasimama peke yake? “Hiki ndicho kiti cha zamani kilichokuwa kimevunjika ambacho…” Kimya. Hakuna mtu anayebonyeza kwa ajili ya “ambacho”. “Mguu wa nyuma ulivunjika.” Kimya. Wa nani? Wa mbuzi? Hapo angalau kuna swali, na picha iko juu inajibu nusu.

Sasa niwaambie mahali ambapo njia hii inakuangusha, maana inaangusha.

Mmeona nimelifuta lile “Umekipenda” la mwisho. Mara zote nilizolisoma, niliinua sauti mwishoni, kwa sababu nilijua nauliza. Sikio likasikia swali. Lakini kwenye skrini halikuwa na alama ya kuuliza! Kiswahili kinaweza kuuliza kwa sauti peke yake, bila kubadilisha neno: “umekipenda” ya kuuliza na ya kueleza ni maneno yaleyale. Sauti yangu ilijaza kitu ambacho maandishi hayakuwa nacho. Aliyeisoma akaona naarifu: umekipenda, tayari nimeamua kwa niaba yako. Dhihaka nayo iko hivyohivyo. Ukisoma “hongera sana” kwa kejeli wewe mwenyewe unaisikia kejeli, msomaji anapokea hongera.

Na kuna yale maneno machache ambayo mkazo unayageuza. Chukua “barabara”. Bara-BA-ra ni njia ya magari. Ba-RA-bara ni sawasawa, vizuri kabisa. Ukiandika “Barabara!” chini ya picha ya lami mpya, mdomo wako unajua umesema ipi, herufi hazijui. Pale ambapo maana inategemea sauti yako, badilisha neno, kwa sababu sauti yako haiposti pamoja na picha.

Ndiyo maana kusoma mwenyewe ni nusu tu ya kipimo. Nusu nyingine ni kumpa mtu ambaye hajaiona, asome kwa sauti bila kujiandaa, wewe ukae kimya. Usimweleze. Usimsahihishe. Macho yako yawe kwenye mdomo wake, usikie anapunguza mwendo wapi, anarudia wapi. Yeye hajui ulichokusudia, kwa hiyo hana cha kujaza.

Kusoma kwa sauti hakushiki tahajia pia. Ukiandika “amabcho”, mdomo utasema “ambacho” bila kusita, kwa ukarimu tu. Tahajia isake kwa njia nyingine. Mimi huanza na neno la mwisho nikirudi kuelekea la kwanza, ili maana isinibebe.

Jambo dogo kabla sijafunga simu hii. Wapo wasomaji ambao kwao kapsheni ni sauti siku zote. Mtu asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini, na programu hiyo inataja kila emoji kwa jina. Ukipanga mioyo saba katikati ya sentensi, anaweza kusikia moyo, moyo, moyo, mpaka amesahau sentensi ilianzia wapi. Ziweke mwishoni, na zisiwe nyingi. Na hashtegi yenye maneno matatu yaliyogandana, anzisha kila neno kwa herufi kubwa, #KitiChaMbao, ili programu iweze kuyatenganisha. Ukijizoeza kusoma kila kilichomo, hata emoji, kwa mdomo wako mwenyewe, utapunguza bila kuambiwa.

Sasa nyie wa mbele. Mama, samahani, naomba unisaidie. Hii simu yangu, kapsheni ndiyo hiyo ya mwisho. Usiisome kimya kwanza. Anza tu.

(Mama yule alivaa miwani, akasoma. “Mguu wa nyuma ulivunjika. Watoto wakakizunguka mwaka mzima, hakuna aliyethubutu kukaa. Jana nilishika gundi na msumeno. Leo wanagombania na… nani a… nani aanze.” Akanitazama.)

Mmesikia? Mimi nimeisoma hii labda mara kumi, nimeirekodi, sikusikia. “Nani aanze.” Irabu tatu zimefuatana, i, a, a, na ulimi hauna konsonanti ya kushika. Mama, ungekuwa wewe, ungesemaje?

(“Ningesema wanagombania zamu,” akasema, kama mtu anayeulizwa jina lake.)

Leo wanagombania zamu. Silabi mbili, pigo, nukta. Nirudishieni simu nifute.